Namba Isiyojua Ilikotoka: Mwongozo wa Kupima Kolamu za Nasaba

Kuna hifadhi ya takwimu za afya inayosifiwa sana huku kwetu Mara, nami nimechoka kunyamaza. Sitasema ni ya nani, wenyewe watajijua. Ina ramani za rangi, ina grafu zinazopanda na kushuka, na kila inapoonyeshwa lazima mtu ainuke aseme, "Tena humu kila namba ina chanzo chake." Kolamu kweli ipo. Inaitwa `source`. Niliomba nifunguliwe jedwali lenyewe, nikakuta mistari yote, ya Bunda, ya Butiama na ya Musoma Manispaa, imeandikwa neno moja: `DHIS2`. Hiyo si nasaba. Ni kama kumuuliza mtoto aliyepotea stendi ya Bweri ni wa nani, akakujibu kwamba ni wa mkoa wa Mara.

Kolamu ya nasaba ina kazi moja tu. Siku mganga mfawidhi wa zahanati atakapopiga simu na kusema, "Hiyo namba si yangu," mtu aliyekaa ofisini aweze kutoka kwenye namba hiyo, hatua kwa hatua, hadi kwenye kitu kilichoandikwa kabla yake, bila kumpigia simu aliyetengeneza mfumo. Hapo ndipo kazi hupimwa. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyeletewa hifadhi na kuambiwa ni nzuri, naye anataka kujua kama imeshikwa na fundi au na mpaka rangi.

Ufunguo kwanza, jina baadaye

Anza kwa kuuliza data ilivutwa wapi. Watu wengi huvuta kutoka `/api/analytics` kwa sababu ni rahisi: unaomba kiashiria, kipindi na wilaya, namba inakuja imeshajumlishwa. Fundi hutazama hapo akajua tayari kazi imeharibika. Majedwali ya analytics ya DHIS2 hujengwa upya kila mara kutoka kwenye data ghafi, na namba inayotoka huko haikuambii nani aliiingiza wala lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Mwenye nia ya kufuatilia huvuta kutoka `/api/dataValueSets`, ambako kila thamani huja na `dataElement`, `period`, `orgUnit`, `categoryOptionCombo`, `attributeOptionCombo`, `storedBy` na `lastUpdated`. Ni mzigo mzito zaidi, na kujumlisha utajumlisha mwenyewe, lakini huko ndiko nasaba iliko. Ukiikosa wakati wa kuvuta, hakuna kolamu utakayoiongeza baadaye ikaiokoa.

Ufunguo wa chanzo, basi, ni vile vitambulisho vitano vya kwanza vikiwa pamoja, kama vilivyoandikwa na chanzo chenyewe. Nasisitiza: kama vilivyoandikwa na chanzo. Ukikuta jedwali la mwisho limebeba jina la zahanati tu, lililosafishwa likapendeza, herufi kubwa mwanzoni na neno "Zahanati" limeondolewa, ujue kuna mtu alidhani usafi ni ubora. Majina hubadilika, na mipaka huhama. Wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma Vijijini mwaka 2012, kwa hiyo faili za zamani zinaziita zahanati zilezile za Musoma. Kitambulisho cha kituo ndani ya DHIS2, zile herufi na tarakimu 11, hakibadiliki hata kituo kikihamishiwa wilaya nyingine. Jina la wilaya hubadilika siku hiyohiyo. Anayefuatilia kwa jina atafika Musoma Vijijini, atakuta kituo hakipo, na atatangaza kwamba namba ni hewa.

Kwa faili za Excel kanuni ni ileile, ila ufunguo wake ni mgumu zaidi kuupata. Jina la faili halitoshi, maana kila ofisi ina `Ripoti_FINAL.xlsx` tatu, kila moja ikiwa na yake ndani. Fundi huchukua alama ya `sha256` ya faili lilivyofika, akaihifadhi kwenye jedwali la shehena pamoja na jina, mtumaji na saa ya kupokea, kisha kila mstari ukabeba `shehena_id` na namba ya mstari ndani ya laha. Namba hiyo hutolewa faili likiwa halijapangwa wala kuchujwa. Mtu akilipanga kwanza kwa jina la kituo ndipo ahesabu mistari, mstari wa 37 wa kwenye hifadhi hautakuwa mstari wa 37 wa kwenye faili, na nasaba yote inakuwa ya kubuni huku ikionekana nadhifu kabisa.

Lipo jambo la ladha hapa, ila mimi nalihesabu kuwa sheria: kolamu za nasaba hukaa mwisho wa jedwali, zikifuatana, majina yao ya lugha moja. Jedwali lenye `source_file`, kisha `thamani`, kisha `chanzo_mstari`, kisha `batchNo` limetengenezwa na watu wasiosalimiana.

Kolamu ya folio

Vijana wanadhani mambo haya yalianza na kompyuta. Waliofanya kazi za uhasibu kabla ya hapo wanaijua kolamu ya folio kwenye leja, ile nyembamba iliyobanwa kati ya maelezo na kiasi cha fedha. Karani alipohamisha ingizo kutoka jarida kwenda leja, aliandika kwenye jarida ukurasa wa leja alikolipeleka, na kwenye leja ukurasa wa jarida alikolitoa. Ukitilia shaka kiasi chochote, folio inakupeleka kilikotoka.

Mzee mmoja wa hapa Iringo, mhasibu mstaafu aliyewahi kushika vitabu vya ushirika enzi pamba ya Bunda ikiwa ndiyo mshahara wa kila nyumba, alinieleza jambo ambalo sijalikuta kwenye mafunzo yoyote ya data. Folio, alisema, huandikwa mwisho, baada ya kiasi kuhamishwa, kwa mkono uleule na kwa kukaa kuleule. Nafasi ya folio ikiwa tupu, maana yake ingizo halijahamishwa. Karani aliyejaza folio zote asubuhi kisha akahamisha kiasi mchana aliondolewa kwenye vitabu, kwa sababu akiitwa katikati ya kazi, leja itasema uongo kwa sauti ya ukweli.

Na kosa ambalo halikuruhusiwa kabisa lilikuwa kufuta kiasi na kuandika kipya juu yake huku folio ikibaki ileile. Aliyetaka kusahihisha aliandika ingizo jipya la marekebisho, lenye folio yake. Siku hizi kosa hilo linafanywa kila usiku na skripti, kwa maelfu ya mistari, na linasifiwa.

Siku namba inapobadilika

Hapa ndipo penye jambo ambalo asiye fundi hulikosa kila mara, na nitalikalia kwa sababu halikaliwi.

Watu hukagua nasaba siku data inapoingia mara ya kwanza. Siku hiyo kila kitu ni sawa: thamani ni mpya, chanzo ni kipya, vinafanana. Lakini takwimu za afya hazikai. Ripoti hucheleweshwa, husahihishwa, hurudiwa. Kwa hiyo skripti ya kupakia haiingizi tu, inaingiza au kubadili kilichopo. Kwenye PostgreSQL watu hutumia `ON CONFLICT`, iliyokuja na toleo la 9.5 mwaka 2016, na wengi huandika hivi:

```sql
ON CONFLICT (kituo, kipindi, kiashiria)
DO UPDATE SET thamani = EXCLUDED.thamani;
```

Isome tena. Mstari ukiwa tayari upo, thamani inabadilishwa na kila kitu kingine kinabaki. Kolamu za nasaba zinabaki zikielekeza kwenye shehena ya kwanza. Kuanzia hapo mstari una namba ya leo na wazazi wa jana, na hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini, wala barua pepe ya tahadhari.

Tuone inavyouma. Namba nazitunga kwa mfano. Kosa lenyewe silitungi. Tuchukue zahanati moja ya Butiama, kipindi `202403`, kiashiria ni wanawake waliojifungulia kituoni. Tarehe 18 Aprili hifadhi inavuta kutoka DHIS2 na kupata 14. Mstari unaingia na `shehena_id` 311. Tarehe 6 Mei linakuja faili la Excel la marekebisho ya wilaya nzima, na kwenye mstari wa 37 aliyechapa amegeuza tarakimu: 41. Skripti inapakia shehena 326, inaukuta mstari wa zahanati ile, inabadili 14 kuwa 41. Nasaba inabaki 311.

Mwezi Juni mganga mfawidhi anaona grafu na kushangaa. Zahanati yake haina hata vitanda vya wazazi 41. Anapiga simu. Mtu wa takwimu anafungua hifadhi, anasoma 41, anaona imetoka shehena 311, anafungua shehena 311, anakuta 14. Sasa afikiri nini? Chanzo kinasema 14, hifadhi inasema 41, na nasaba inaapa kwamba hakuna kingine kati yao. Atahitimisha kwamba mfumo wa kupakia unageuza tarakimu. Ataanza kusoma msimbo wa kubadili aina za data, ataifungua DHIS2 aangalie kama kuna aliyehariri, atamwandikia mtengenezaji. Mstari wa 37 wa faili la Mei, ambako jibu limelala, hatakwenda, kwa sababu hakuna kinachompeleka huko. Mfumo usio na nasaba ungemwambia "sijui", naye angeanza kuuliza watu. Huu umemwambia "najua", ukamtuma kusiko.

Ndiyo maana nasema kolamu ya nasaba iliyotelekezwa ni mbaya kuliko kolamu isiyokuwapo.

Kazi iliyoshikwa inaandikwa hivi:

```sql
DO UPDATE SET
  thamani        = EXCLUDED.thamani,
  chanzo_mfumo   = EXCLUDED.chanzo_mfumo,
  chanzo_ufunguo = EXCLUDED.chanzo_ufunguo,
  shehena_id     = EXCLUDED.shehena_id
WHERE ripoti.thamani IS DISTINCT FROM EXCLUDED.thamani;
```

Thamani na wazazi wake wanasafiri kwenye amri moja, kama folio na kiasi kwenye mkono mmoja. Ama vyote vinabadilika, ama hakuna kinachobadilika.

Ule mstari wa mwisho nao una maana yake, na ni hapo ninapowatenganisha waliosikia habari na walioelewa. Walioambiwa "badilisha na nasaba pia" huisahau `WHERE`. Basi kila usiku data ileile inavutwa tena, thamani 14 inabadilishwa kuwa 14, na `shehena_id` inasogezwa hadi ya jana usiku. Baada ya mwaka jedwali zima linasema limetoka shehena ya jana. Swali "namba hii iliingia lini mara ya kwanza?" halina jibu tena. Wa kwanza aliacha nasaba ikachakaa. Huyu anaifua kila siku hadi rangi imetoka.

Na ni `IS DISTINCT FROM`, si `<>`. Kituo kilichoacha nafasi tupu mwezi uliopita kikaleta namba ya kipindi kilekile mwezi huu kinabadili kutoka `NULL`, na kwa `<>` ulinganisho na `NULL` haujibu ndiyo wala hapana, kwa hiyo mabadiliko yanarukwa kimyakimya. Kwa takwimu zetu, ambako pengo na sifuri ni mambo mawili tofauti, hilo si dogo.

Kinachobaki ni ile 14 ya zamani. Ikifunikwa tu, mganga mfawidhi akishinda ubishi hakuna wa kumwonyesha kwamba namba yake iliwahi kuwamo. Mafundi huuhamishia mstari wa zamani, pamoja na nasaba yake nzima, kwenye jedwali la historia kabla ya kuubadili. DHIS2 yenyewe hufanya hivyo: jedwali la `datavalueaudit` huweka thamani, aliyebadilisha na aina ya tendo. Ukikuta hifadhi iliyojengwa juu ya DHIS2 haina hata kile ambacho DHIS2 ilikuwa nacho tayari, huna haja ya kuendelea kuipima.

Kipimo cha dakika moja

Nikiitwa kukagua siombi mchoro wa mtiririko wa data. Michoro huchorwa na watu wasiopakia. Naomba jedwali ghafi, lile linalohifadhi kila kilichopokelewa kama kilivyopokelewa, kisha naandika hivi:

```sql
SELECT count(*)
FROM ripoti r
LEFT JOIN ghafi g USING (shehena_id, chanzo_ufunguo)
WHERE g.thamani_ghafi IS DISTINCT FROM r.thamani::text;
```

Kwa lugha ya kawaida nauliza: mistari mingapi ina thamani isiyofanana na ile ambayo nasaba yake inadai? Jibu la fundi ni sifuri, au idadi ndogo anayoweza kuieleza palepale, kwa mfano nafasi iliyoachwa mbele ya tarakimu ikaondolewa na kanuni ya usafi iliyoandikwa mahali. Zahanati yetu ya Butiama ingejitokeza hapa mara moja, 14 upande mmoja na 41 upande wa pili, wiki kadhaa kabla ya simu ya Juni.

Thamani ghafi inatunzwa kama maandishi, si namba. Wanaobisha hapa huwa nawakumbusha kwamba DHIS2 pia huhifadhi thamani zake kama maandishi. Mtu aliyeandika "l4", herufi "l" badala ya moja, atahitaji kuonyeshwa alichoandika, na kolamu ya namba haina uwezo wa kumwonyesha.

Kama jedwali ghafi halipo, kwamba "tunafuta baada ya kupakia ili kuokoa nafasi", mwongozo huu unaishia hapo. Nasaba inayoelekeza kwenye kitu kilichofutwa ni anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Wajanja

Kazi hii ina wajanja wake, nao si wabunifu sana. Mbinu zao ni mbili.

Ya kwanza ni `DEFAULT`. Angalia ufafanuzi wa jedwali. Ukikuta kolamu ya chanzo imewekwa `DEFAULT 'DHIS2'`, ujue hakuna aliyeijaza; imejijaza yenyewe. Kolamu ya nasaba haitakiwi kuwa na thamani ya kudhaniwa. Iwe `NOT NULL`, na skripti isiyojua chanzo ishindwe kupakia. Kushindwa kwa kelele ni adabu.

Ya pili ni ya kisasa zaidi. Niliwahi kuonyeshwa hifadhi ambayo kila mstari ulikuwa na `chanzo_mstari`. Mteja alifurahi. Mimi nikaangalia mfuatano: 1, 2, 3, 4, hadi mwisho, bila kuruka hata namba moja, faili baada ya faili. Aliyewahi kufungua faili la Excel la halmashauri anajua hilo haliwezekani. Mistari ya juu ni kichwa cha ripoti, jina la mkoa na mwezi. Data haianzii mstari wa 1. Katikati kuna mstari mtupu kati ya kata na kata, kuna mstari wa jumla, kuna mahali mtu aliandika "tunasubiri" akaenda zake. Nasaba ya kweli ina mapengo. Inaanza 6, inafika 19, inaruka hadi 21. Yule bwana alikuwa ametengeneza namba hizo na `ROW_NUMBER()` upande wa hifadhi, baada ya kuchuja. Namba zilikuwa zinahesabu mistari yake mwenyewe, si ya chanzo.

Tangu hapo mapengo ndiyo kitu cha kwanza ninachotafuta. Mfuatano mkamilifu unanitia shaka kuliko kolamu tupu.

Namba iliyozaliwa na wengi

Mpaka hapa nimezungumzia mstari wenye mzazi mmoja. Jumla ya wilaya haina mzazi mmoja. Namba ya Butiama nzima kwa Machi imetokana na mistari ya vituo vyote vilivyoripoti, na kila kimoja kina shehena yake. Hapa ndipo utamwona mtu ameweka `MAX(shehena_id)`, kana kwamba mtoto wa mwisho ndiye anayewakilisha ukoo. Mwingine ameziunganisha namba zote kwa mikato kwenye kolamu moja ya maandishi. Ya kwanza ni uongo, ya pili ni ukweli usiosomeka.

Mstari wa jumla haustahili kolamu ya chanzo hata kidogo. Unastahili jedwali la pembeni lenye kolamu mbili: utambulisho wa mstari wa jumla, na utambulisho wa mstari mmoja ulioingia ndani yake. Jumla ya vituo 30 inakuwa na mistari 30 humo. Akija mtu kubisha, unaorodhesha vituo vyote na thamani zao kwa mpigo, na kile cha 41 kinaonekana kikiwa kimesimama peke yake. Faida ya pili huonekana pale kituo kinapokosekana: ubishi mwingi wa jumla hautokani na namba iliyokosewa, unatokana na ripoti ambayo haijafika, na ni orodha ya walioingia pekee inayokuonyesha nani hakuingia.

Wanazuoni wa hifadhidata walishaliandika hili. Buneman, Khanna na Tan mwaka 2001 walitenganisha maswali mawili: kwa nini mstari huu upo kwenye jibu, na thamani hii ilinakiliwa kutoka wapi. Jumla inauliza la kwanza, namba ya zahanati inauliza la pili. Na wanaojenga kwa utaratibu wa Data Vault, ule wa Dan Linstedt, huweka kwenye kila jedwali tarehe ya kupakia na chanzo cha rekodi, bila mjadala. Utaratibu wao una uzito mwingi kuliko mahitaji ya mkoa mmoja, lakini hilo la kutojadiliana nalipenda.

Jambo dogo kuhusu tarehe, kabla sijasahau. Seva nyingi husoma saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Shehena iliyopakiwa Musoma saa saba usiku itaandikwa tarehe ya jana. Tumia `timestamptz`, na usikubali kolamu ya tarehe peke yake. Ubishi mzima umewahi kugeuzwa na tofauti hiyo: nani alituma kwanza, aliyesahihisha au aliyekosea.

Nasaba inapokoma

Kila nasaba ina mwisho, na fundi anaujua wake ulipo. Kwenye DHIS2, `storedBy` inakuambia akaunti iliyoingiza, si mtu aliyehesabu. Data ikiingizwa kwa skripti, utakuta jina la akaunti ya skripti kwenye vituo mia. Tena ukiingia ndani ya hifadhidata ya DHIS2, kwenye jedwali la `datavalue`, utakuta kolamu inaitwa `sourceid`. Nimeona waliojisifu kwamba wameibeba hadi kwenye hifadhi yao kama kolamu ya chanzo. Hiyo ni kitambulisho cha kituo. Inasema namba ni ya wapi, haisemi imetoka kwenye karatasi gani.

Na karatasi ndiyo mwisho wa ubishi. Waliojifungua wameandikwa mmoja mmoja kwenye kitabu cha 12 cha MTUHA, kisha wakahesabiwa, kisha jumla ikaingia kwenye fomu ya mwezi, kisha DHIS2. Hifadhi haiwezi kuruka hatua hizo. Inachoweza ni kumfikisha mtu mlangoni: kituo hiki, mwezi huu, kiashiria hiki, fungua kitabu cha 12 uhesabu. Mratibu wa MTUHA mzuri ataandika kwenye nafasi ya maoni ya DHIS2 sababu ya kila marekebisho, na hayo maoni yanaweza kuvutwa pamoja na thamani. Hifadhi iliyoyabeba maoni naihesabia alama hata kama grafu zake ni mbaya. Nimekutana na mratibu mmoja tu aliyekuwa akiandika ukurasa wa kitabu kwenye maoni. Ubishi kwenye vituo vyake ulikuwa ukimalizika kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ukiletewa hifadhi na kuambiwa kila namba ina chanzo chake, usiombe kuonyeshwa mstari wowote tu. Watakuchagulia uliolala tangu siku ya kwanza. Omba mistari mitatu ambayo thamani yake imewahi kubadilika, kila mmoja kutoka wilaya tofauti, na uketi nao wakiifuatilia mbele yako hadi kwenye shehena iliyoleta thamani ya sasa, na hadi kwenye ile iliyoleta ya zamani. Wakifika kwa yote mitatu, lipa. Wakifika kwa mmoja, warudishe kazini. Wakikuuliza utajuaje mistari gani imebadilika, hawajajenga nasaba, wamejenga kolamu.